Skeli ya RASS wodi ya mahututi: maswali yanayoulizwa sana kuhusu kupima usingizi wa mgonjwa na kurekebisha dawa

Maswali haya yanatoka kwa manesi wanaoanza kazi wodi ya mahututi, wanafunzi walioko fild, na ndugu wa wagonjwa wanaosimama kitandani wanasikia nesi anasema "huyu yuko mainasi tatu" na hawaelewi. Nimejibu zaidi kuhusu RASS kwa sababu ndo inayotumika sana siku hizi kwa mgonjwa aliye kwenye ventileta. Dozi ninazotaja humu ni za mfano, wewe fuata oda ya dokta na protokali ya hospitali yako.

RASS ni kitu gani hasa?

Ni skeli ya kupima mgonjwa yuko macho kiasi gani au amezama kwenye usingizi wa dawa kiasi gani. Ilitengenezwa na timu ya madokta, manesi na wafamasia wa chuo kikuu kimoja pale Richmond, jimbo la Virginia, Marekani, ikachapishwa 2002, na hiyo R ya mwanzo ndo Richmond yenyewe. Katikati kuna 0, mgonjwa yuko macho na ametulia. Kwenda juu ni mpaka +4, hapo anapigana kabisa na ni hatari kwa wahudumu, kwenda chini ni mpaka -5, umwite umguse hakuna kitu.

Kazi yake ni moja tu, kukuambia dawa ya usingizi iongezwe, ipunguzwe au iachwe ilivyo. Kwa hiyo namba peke yake bila kujua dokta alitaka mgonjwa awe wapi haina maana yoyote. Kama kwenye chati kuna RASS kila masaa 4 lakini hakuna mahali pameandikwa lengo, muulize dokta kwenye raundi: "Huyu tunamtaka awe ngapi?" halafu liandike kubwa paonekane.

Napimaje? Nielekezwe taratibu tafadhali

Inachukua chini ya dakika moja ila mpangilio wake usiuvuruge, manake ukianza na kumtikisa umeshaharibu kipimo.

Kwanza simama pembeni umwangalie tu, usimguse, usiseme kitu, sekunde kama 30 hivi. Yuko macho katulia? Hiyo ni 0, umemaliza. Anahangaika? Basi uko upande wa jumlisha, unaangalia anahangaika kiasi gani. Anayejigeuzageuza, ana wasiwasi lakini hana fujo ni +1. Anayerusharusha mikono bila mpangilio au anagombana na ventileta, alamu inalia kila mara, ni +2. Anayevuta mpira wa hewa au mirija mingine, au ni mkali, ni +3. Anayepiga watu ni +4.

Kama macho yamefumba, mwite jina lake kwa sauti ya kawaida iliyo wazi, mwambie afungue macho akuangalie. Hapa ndo penye utamu wa skeli nzima. Akifungua macho akakuangalia wewe na akashikilia zaidi ya sekunde 10, ni -1. Akikuangalia lakini kabla ya sekunde 10 macho yamerudi chini, ni -2. Akifungua macho au akasogea kwa sauti yako lakini hakuangalii, macho yanaelea tu kwenye dari, ni -3.

Kama sauti haijafanya kitu, mwite tena, halafu ndo unamtikisa bega, na asipoitika unasugua mfupa wa kifua kwa vifundo vya vidole. Akisogea au akafungua macho kwa kuguswa, -4. Kimya kabisa, -5.

Sasa hizo sekunde 10 zihesabu kweli, kimoyomoyo, huku unamwangalia usoni. Wengi wanaita jina huku wanaandika chati, wanaona kope zimecheza, wanaandika -2 wakati mgonjwa hakumwangalia mtu yeyote na ilitakiwa iwe -3. Tofauti ya namba moja inaonekana ndogo lakini kama lengo ni 0 hadi -2, hiyo namba moja ndo inayoamua kama pampu inapunguzwa usiku huu au la.

Namba ipi ndo nzuri?

Kwa wagonjwa wengi walio kwenye ventileta ni usingizi mwepesi, kwa kawaida 0 hadi -2, hospitali nyingine wanataka 0 hadi -1. Mwongozo wa kimataifa wa wataalamu wa mahututi wa 2018 nao unapendekeza usingizi mwepesi kuliko mzito, kwa sababu mgonjwa aliyezamishwa sana anachelewa kutoka kwenye mashine, na kadiri anavyokaa kwenye mashine ndo nimonia ya ventileta, vidonda vya mgandamizo na misuli kuisha vinavyozidi kumkaribia.

Wapo wanaotakiwa kuzama kwa makusudi, -4 au -5. Mgonjwa mwenye presha kubwa ndani ya fuvu, mwenye kifafa kisichokata, mwenye mapafu mabaya sana aliyepewa dawa ya kulegeza misuli, hawa usijaribu kuwaamsha kwa kuwa umesoma mahali kwamba usingizi mwepesi ni mzuri.

Usiku amelala zake vizuri, kweli nimwamshe kisa RASS?

Ndiyo mwite, ila kwa akili. Shida ni kwamba usingizi wa kawaida na usingizi wa dawa ukiuangalia kwa mbali ni kitu kimoja. Ukimwita akafungua macho akakuangalia vizuri, alikuwa amelala tu, andika ulichokiona na umwache aendelee. Usipomwita, unaweza kuandika "amelala" masaa 8 kumbe anazama. Kinachosaidia ni kuunganisha kazi, unapima RASS wakati uleule wa kumgeuza, kunyonya makohozi na kuchukua presha, halafu unazima taa unamwachia masaa kadhaa bila kuguswaguswa kama hali yake inaruhusu.

Mgonjwa amefika +2, anapigana na mashine. Niongeze dawa ya usingizi?

Subiri kwanza. Kabla mkono haujagusa pampu mwangalie mgonjwa kuanzia mdomoni kwenda chini, kwa sababu mtu anayekosa hewa anahangaika hivyohivyo, na ukimlaza kwa dawa atatulia kweli huku oksijeni inashuka.

Anza na hewa. Oksijeni kwenye monita ni ngapi? Mpira wa hewa uko sentimita zilezile zilizoandikwa? Kama ulifungwa kwenye 22 mdomoni na sasa unasoma 26, umeingia ndani na pengine pafu moja tu ndo linapata hewa, angalia kama kifua kinapanda pande zote. Makohozi yapo? Weka mkono kifuani utasikia yanavyokwaruza, nyonya. Amejing'ata mpira? Maji yamejaa kwenye mabomba ya ventileta? Kama oksijeni inashuka na hujui kwa nini, mtoe kwenye mashine umpe hewa kwa ambubegi huku unaita msaada.

Halafu maumivu. Mgonjwa mwenye mpira mdomoni hawezi kusema naumwa, kwa hiyo tunatumia skeli ya maumivu kama CPOT, unaangalia uso umekunjamana kiasi gani, anavyosogeza mwili, misuli ya mkono imekaza kiasi gani ukiukunja, na anavyoelewana na ventileta. Kila kimoja kinapewa 0 mpaka 2, jumla 8, na ikifika 3 kwenda juu chukulia kwamba anaumwa. Mtu anayeumwa anatibiwa kwa dawa ya maumivu, fentanili au morfini kama ilivyo kwenye oda. Midazolamu haiondoi maumivu hata kidogo, inamfanya tu ashindwe kukuonyesha kwamba yanaendelea.

Baada ya hapo shuka kwenye vitu ambavyo vinasahaulika sana. Kibofu, manake mrija wa mkojo ukikunjwa chini ya paja mgonjwa anachachamaa ajabu, unaunyoosha zinatoka mililita 700 anatulia mwenyewe bila sindano yoyote. Sukari. Homa. Historia ya pombe, uliza ndugu bila kuwahukumu, kwa sababu mnywaji wa kila siku akilazwa ghafla, ndani ya siku 2 au 3 anaweza kuanza kutetemeka na kuona vitu, na huyo matibabu yake yana njia yake. Na woga, mtu anaamka hajui yuko wapi, mikono imefungwa, hawezi kuongea. Mwambie: "Baba, uko hospitali, una mpira wa kukusaidia kupumua ndo maana huwezi kuongea, mimi ni nesi wako niko hapahapa." Rudia kila ukimsogelea.

Ukishapita kote huko na bado ni +2, sasa dawa ya usingizi ina sababu. Kama ni +3 na mkono uko tayari kwenye mpira, hapo hamna muda wa orodha yote, mmoja ashike mkono, mwingine aangalie hewa, na dokta aitwe hukuhuku, bolasi, yaani dozi ya mkupuo mmoja, ikitolewa itolewe kwa oda.

Na akiwa chini ya lengo? Nipe mfano kamili

Tuchukue mgonjwa wa mfano. Mama wa miaka 58, kilo 60, nimonia kali, siku ya 3 kwenye ventileta. Ana midazolamu miligramu 50 kwenye sirinji ya mililita 50, kwa hiyo kila mililita ina miligramu 1, na pampu inaenda mililita 4 kwa saa. Hiyo ni miligramu 4 kwa saa, ukigawa kwa kilo 60 unapata kama 0.07 kwa kilo kwa saa, dozi ya kawaida tu ambayo haishtui mtu. Ana na fentanili mikrogramu 50 kwa saa. Lengo lililoandikwa ni 0 hadi -2.

Saa 2 usiku RASS ni -2. Saa 6 usiku ni -3. Saa 10 alfajiri ni -4. Pampu usiku kucha iko palepale kwenye 4. Ukisoma chati utaona neno "ametulia" limeandikwa kila mara, na ni kweli ametulia, hakuna alamu iliyolia, presha nzuri, oksijeni nzuri. Hapa ndo mtego ulipo, mgonjwa aliyezama hasumbui mtu, anayesumbua ndo anayefuatwa.

Angalia sasa safu ya mkojo kwenye chati hiyohiyo. Mililita 30 kwa saa, ikawa 20, ikawa 10. Kwa kilo 60 tunategemea angalau 30. Figo zinachoka. Midazolamu ikishavunjwa kwenye ini, mabaki yake nayo yana nguvu ya kulaza na yanatakiwa yatoke kwa mkojo, figo zikigoma yanarundikana. Kwa hiyo dozi ni ileile lakini ndani ya mwili inazidi kupanda, na RASS iliona hilo masaa mengi kabla majibu ya maabara hayajarudi.

Nesi wa asubuhi akikuta -4 hasemi moja kwa moja ni dawa. Anauliza, kuna dawa ya kulegeza misuli iliyotolewa? Hakuna. Mboni za macho? Ziko sawa kulia na kushoto na zinaitikia mwanga. Sukari? 6.8. Kuna upande mmoja wa mwili ambao hausogei kabisa ukimsugua kifua? Hapana, inasogea yote kidogo. Hapo anampigia dokta na maneno yanakuwa mafupi: "Lengo 0 hadi -2, yuko -4 tangu saa 10, alikuwa -2 jana jioni, midazolamu 4 haijabadilishwa, mkojo umeshuka mpaka 10 kwa saa." Dokta akipata hizo sentensi hahitaji kuuliza mengi, anasema midazolamu izimwe, fentanili ishushwe mpaka 25, RASS na maumivu vipimwe kila saa, damu ya figo ipelekwe.

Sasa usitegemee ataamka saa hiyohiyo. Mchana bado -4. Jioni -3, macho yanafunguka yanaelea. Alfajiri ya pili -2. Saa 3 asubuhi anamwangalia nesi zaidi ya sekunde 10 na anakamata mkono akiambiwa. Baadaye wakati wa kumgeuza anakuwa +1, uso umekunjamana, CPOT 4. Kishawishi cha kuwasha tena midazolamu ni kikubwa sana hapo, ila uso unasema maumivu, anapewa bolasi ya fentanili mikrogramu 25 kwa oda, CPOT inashuka mpaka 1 na RASS inarudi 0. Midazolamu haikuhitajika tena. Ingehitajika, kawaida inarudishwa kwa nusu ya kiwango cha mwanzo, yaani mililita 2 kwa saa, sio kurudi 4.

Mambo mawili ya kuangalia. Kama mgonjwa ameshakuwa kwenye midazolamu kwa muda mrefu, wiki moja na zaidi, kuizima ghafla kunaweza kumletea kutetemeka, fujo hata degedege, huyo anashushwa kidogokidogo. Na kama dawa imezimwa, muda umepita na mgonjwa habadiliki, au mboni moja imekuwa kubwa kuliko nyingine, au kuna sehemu ya uso inachezacheza, usiendelee kusema ni dawa tu, huyo anahitaji kuangaliwa ubongo, inawezekana ni kiharusi au degedege lisiloonekana.

Nikibadilisha dozi nipime tena baada ya muda gani?

Inategemea dawa. Propofoli ni ya haraka, ndani ya dakika 10 hivi utaona kitu, na ndo maana ni rahisi kuirekebisha, ila inashusha presha kwa hiyo jicho moja liwe kwenye presha. Midazolamu ya dripu inataka subira zaidi. Deksmedetomidini, ambayo hospitali nyingi kwetu hazina, inachukua muda kuanza, inaweza kupunguza mapigo ya moyo, na haifai kama lengo ni -4 au -5. Kosa linalojirudia ni kuongeza pampu, dakika tano unaona bado, unaongeza tena, mwishoni dozi zote zinafika pamoja na mgonjwa anadondoka mpaka -5. Kama unataka atulie sasa hivi na oda ipo, bolasi ndogo ndo ya kumtuliza sasa, pampu ni ya kumweka pale alipofika.

Mgonjwa kapewa vekuroni au atrakuri, RASS naandika ngapi?

RASS haipimiki hapo. Dawa ya kulegeza misuli inazuia misuli tu, ubongo haiugusi, kwa hiyo mgonjwa anaweza kuonekana -5 kumbe yuko macho anasikia kila kitu na anasikia maumivu yote, hawezi hata kupepesa kope. Ni jambo la kutisha na linazuilika. Azamishwe vizuri kwanza mpaka -4 au -5 kwa dawa za maumivu na za usingizi, upime, uandike, ndipo ya kulegeza ianze, na dawa za usingizi zisipunguzwe muda wote ambao ya kulegeza inaendelea.

Wakati huo unabaki na dalili za pembeni, mapigo ya moyo na presha vikipanda ghafla bila sababu, machozi, jasho, mboni kupanuka. Si dalili za uhakika lakini ukiziona mpigie dokta. Kwenye chati andika "amelegezwa misuli, RASS haipimiki", usiandike -5.

Si tuna GCS tayari? Kwa nini mbili?

GCS ya Glasgow ya 1974 ilitengenezwa kufuatilia ubongo ulioumia, na kipengele cha kuongea kinakufa mara tu mpira wa hewa ukiingia. RASS inafuatilia athari ya dawa na ina upande wa fujo ambao GCS haina. Mgonjwa aliyeumia ubongo aliye kwenye dawa ya usingizi anahitaji zote mbili. Mwingine RASS inatosha.

Hospitali niliyotoka tulitumia Ramsay, nyingine SAS. Zinafanana?

Hazifanani na hapa watu wanaumia. Ramsay ilitoka 1974, inaenda 1 mpaka 6, na 1 ni mgonjwa mwenye wasiwasi na fujo, 6 haitikii kabisa. SAS ya Riker inaenda 1 mpaka 7 lakini imegeuzwa, 1 ndo haamki na 7 ndo fujo ya hatari. Kwa hiyo ukisema kwenye simu "yuko sita" bila kutaja skeli, mmoja anaelewa amezama na mwingine anaelewa anarusha mateke, na dawa watakayoagiza ni kinyume kabisa. Taja jina la skeli kila mara. Na kwa RASS andika alama ya kujumlisha au kutoa kwa kukoleza, kale kakistari ka kutoa kakififia, -3 inasomeka kama 3 ya juu.

Ubaya wa Ramsay ni kwamba fujo zote zimebanwa kwenye hatua moja tu, mwenye wasiwasi kidogo na anayevuta mpira wote ni 1. RASS inakupa nafasi nne.

RASS na kuchanganyikiwa ni kitu kimoja?

Hapana. RASS inasema yuko macho kiasi gani, kuchanganyikiwa kwa ghafla kunapimwa na kipimo kingine kama CAM-ICU, unamwambia akubane mkono kila akisikia herufi fulani kwenye mlolongo wa herufi 10, unahesabu makosa. RASS ndo mlango wa kuingilia huko. Akiwa -4 au -5 unaishia hapo, hapimiki, akiwa -3 kwenda juu unaendelea. Na usidanganywe na mgonjwa wa 0 au -1 aliyenyamaza zake, waliochanganyikiwa kimyakimya ni wengi na ndo wanaopitwa.

Mgonjwa hasikii vizuri, au hajui Kiswahili?

Basi ukimwita asipofungua macho hujui kama ni dawa au hajakusikia. Uliza ndugu siku ya kwanza: anasikia? anatumia jina gani nyumbani? lugha gani? Bibi anayejua Kisukuma peke yake ambaye nyumbani wanamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, wewe unamwita kwa jina la kwenye faili, atakaa -3 siku nzima, mjukuu akija akamsemesha anageuza macho. Andika hilo jina juu ya kitanda. Kama macho yamevimba hayafunguki, kigezo cha kuangaliana hakifanyi kazi, tumia anavyoitika kwa kukamata mkono, na uandike kwamba macho yamevimba ili wa shifti inayofuata asishangae.

Kwenye wodi ya kawaida, mgonjwa wa morfini baada ya operesheni, RASS inafaa?

Huyo hana mpira wa hewa, kwa hiyo tunachoogopa ni tofauti, asije akalala mpaka akasahau kupumua. Kwa wagonjwa hawa kuna skeli ya POSS, ina S ya usingizi wa kawaida anayeamka kirahisi, halafu 1 mpaka 4. Ya kuikariri ni 3, mgonjwa anaamka ukimwita lakini anasinzia katikati ya maongezi, ameanza kusema "nesi naomba ma..." kashalala. Hapo dozi inayofuata haiendi, dokta anaarifiwa, upumuaji unahesabiwa dakika nzima na mgonjwa hapotei machoni mpaka achangamke. Ikifika 4, haitikii au anaitika kidogo sana, morfini inasimamishwa, hewa inasaidiwa, dokta anaitwa na naloksoni inakuwa tayari.

Usingizi huwa unatangulia, kupumua polepole kunafuata. Na kama yuko kwenye oksijeni, kile kidude cha kidoleni kinaweza kuendelea kuonyesha 97 wakati hewa chafu inajaa ndani. Akisinzia katikati ya sentensi, mwamini yeye kuliko monita. Ukimkuta anakoroma kwa nguvu mchana na ndugu wanafurahi kwamba "leo amelala vizuri", msogelee umwite.

Mimi ni ndugu. Mama alikuwa ametulia, leo mmempunguzia dawa anahangaika na machozi yanatoka. Si mnamtesa?

Pole sana, ni kitu kigumu kukiangalia. Anapunguziwa dawa ya usingizi ili aweze kukohoa, kuvuta pumzi mwenyewe, kutuonyesha anaposikia maumivu, na atoke kwenye mashine mapema. Dawa ya maumivu huwa haiondolewi hivihivi, na una haki kabisa ya kuuliza nesi: "Mmempima maumivu? Amepata ngapi?" Kama unaona uso umekunjamana au mkono unakwenda kwenye mpira, sema mara moja, wewe unamjua sura yake ya kawaida kuliko sisi.

Unaweza kusaidia kwenye kipimo chenyewe. Nesi akiwa tayari, simama anapoweza kukuona, umwite jina mlilozoea nyumbani, umwambie ni wewe, ni leo siku gani, wajukuu wako wapi. Shika mkono wake uliolegezwa kamba kama nesi amekuruhusu, usifungue kamba mwenyewe hata akikuonyesha kwa macho kwamba anataka, manake mpira ukitoka ghafla kuurudisha kunaweza kushindikana. Kama anavaa miwani au kifaa cha kusikia, kesho uje navyo.